Futa mafuta kwanza, poda baadaye

Kwenye joto la Dar la Februari, mekapu huanza kuharibika palepale kila mara: paji la uso, pua na kidevu. Mashavu bado yako safi, ila pembeni mwa pua fondesheni imeshajikusanya kama tope. Wengi hudhani poda ilikuwa kidogo, wanaongeza. Poda ikitua juu ya mafuta huyanywa, inalowa na kushikana. Hayo ndiyo mabaka mazito unayoyaona kwenye picha.

Bibi harusi mmoja niliyempamba alikuwa na nikaha saa kumi alasiri na ukumbi hadi saa tano usiku. Pua yake ilianza kung'aa nusu saa tu baada ya kunawa. Alikuja amejipaka losheni nzito, nikamwomba aoshe uso tena, kisha nikampaka jeli nyepesi ya maji na tukasubiri dakika 10. Usiruke kusubiri huku: fondesheni ikikuta ngozi bado mbichi, huteleza.

Praima ya kukata mng'ao niliweka kiasi cha punje ya choroko, paji la uso, pua na kidevu tu. Kabla ya hapo niliijaribu pamoja na fondesheni nyuma ya mkono wangu. Praima ya silikoni na fondesheni ya maji mara nyingi hazipatani. Ukisugua kidogo zinajiviringa kama mabaki ya kifutio.

Fondesheni nilianzia mashavuni, na pua ikapata kile kilichobaki kwenye sponji. Watu hufanya kinyume, wanajaza katikati ya uso, mahali penye mafuta mengi kuliko pote. Palipokuwa na doa niliongeza konsila kidogo, pale pale tu. Kisha nikakandamiza tishu, nikaweka poda laini kwa pafu, nikibonyeza bila kusugua. Mwisho nikapuliza spreyi ya kushikisha na kuacha feni ikaushe. Spreyi haizuii mafuta kutoka. Inaifanya poda ikae vizuri na ngozi isionekane na vumbi.

Hakuna kitu kitakachozuia pua yenye mafuta ising'ae siku nzima, kwa hiyo nilimfundisha dada yake kazi ya jioni. Achambue tishu ibaki tabaka moja, aibonyeze puani, ahesabu hadi tano, aitoe moja kwa moja. Tishu ikitoka na doa la mafuta tupu, amefanya sawa. Ikitoka na rangi nyingi, amesugua. Poda kidogo inafuata baada ya hapo. Kama ni jasho, abonyeze na asubiri likauke, asitie poda.

Saa tatu usiku dada huyo alinipigia: pembeni mwa pua pameshika mabaka, alikuwa ametanguliza poda. Nikamwambia alowanishe sponji, aikamue sana, abonyeze hapo hadi mabaka yatoke, kisha aguse na konsila kidogo kwa ncha ya kidole. Poda asiongeze tena.