Msafiri, zijaribu sentensi zako za dharura kabla ya safari

Dawati letu la huduma za kikonseli, yaani msaada wa ubalozi kwa raia walio ugenini, limekuwa likipokea malalamiko ya wasafiri waliobeba orodha ndefu za maneno ya kigeni ambazo hazikuwafaa siku ya shida. Wengi hulaumu matamshi. Mara nyingi kasoro imo kwenye sentensi yenyewe.

Chukua mtu mwenye mzio wa penisilini. Ameandaa sentensi "Msinichome penisilini." Mapokezi pana kelele, kikanushi kinamezwa, na muuguzi anabaki na maneno mawili: choma, penisilini. Afadhali aandike: "Penisilini ni hatari kwangu. Penisilini ilinivimbisha koo, nikashindwa kupumua." Ikipotea nusu yoyote, iliyobaki bado inaonya. Chini yake aongeze amoksilini na ampisilini, maana ni za jamii hiyohiyo.

Kisha aijaribu. Ampe tafsiri mtu anayeijua lugha ile lakini hajaona Kiswahili chake. Asimuulize kama ni sahihi, kwani wengi watakubali kwa adabu tu. Amuulize: "Ukipewa karatasi hii kazini, utafanya nini?" Akijibu kwamba angeileta dawa hiyo, sentensi imeanguka. Baadaye aitamke bila kuionyesha. Isipoeleweka hata akirudia, ibaki ya kuonyesha kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Simu huisha chaji, na kituo cha polisi inaweza kuchukuliwa.

Mpakani, uliza lile ambalo jibu lake utalielewa. "Kwa nini mnanizuia?" italeta maelezo marefu yasiyokusaidia, "Kuna mkalimani?" hujibiwa ndiyo au hapana. Na tafadhali, acheni kuitikia "ndiyo" kwa swali msilolielewa. Jibu hilo huweza kuandikwa kama tamko lako, na kwa kutegemea sheria za nchi husika, tamko la uongo laweza kukuletea kunyimwa kuingia, faini au mashtaka.

Polisi, sentensi ni mbili. Ya kwanza: "Naomba mkalimani kabla ya kutia sahihi." Ya pili: "Naomba mjulishe ubalozi wa nchi yangu kwamba nimekamatwa." Neno "naomba" lina uzito hapo. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Viena wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963 inazitaka mamlaka zikuarifu haki yako ya kuomba hivyo bila kuchelewa, na zitoe taarifa ubalozini ukiomba. Kutaja uraia wako si ombi. Aliyeikimbia serikali yake anaweza kuamua asiombe.

Tumechoka kusikia kwamba ubalozi utakuja kumtoa mtu rumande. Hauna mamlaka hayo. Unaweza kukutembelea, kuwasiliana nawe na kukusaidia kupata wakili. Sentensi ya ubalozi nayo ijaribiwe: muulize msikilizaji angempigia nani. Akisema ndugu zako, tafuta tafsiri nyingine.