Chati Ipi Uchore? Anza na Swali, Tujaribu na Sensa ya 2022

Ripoti nyingi tunazoletewa kitengoni kwetu unaona kabisa mtu kabandika namba kwenye Excel, kaenda Insert, kachagua chati yenye rangi nzuri, halafu ndo kaanza kujiuliza sasa hii inasema nini. Mimi naomba tugeuze, swali liandikwe kwanza, kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni, chati ije baadae. Na maswali yenyewe wala sio mengi: nani kamzidi nani, kimebadilikaje, kimetawanyikaje, vitu viwili vinaendana au la, na kizima kimegawanyikaje. Tuchukue data moja tu, idadi ya watu Tanzania kwenye sensa, tuipitishe kwenye yote.

Nianze na la kulinganisha maana ni rahisi. Mwaka 2022 Mwanza ilikuwa na watu kama milioni 3.70 na Tabora milioni 3.39. Nguzo zinatosha, na mikoa ikiwa mingi zilaze kwa ubavu ili majina yasomeke, uzipange kutoka kubwa kwenda ndogo, achana na alfabeti. Sharti ni moja tu, nguzo ianzie sifuri. Msomaji anapima urefu wa nguzo, sasa ukianzisha mhimili kwenye milioni 3 Mwanza inabaki na urefu wa 0.70 na Tabora 0.39, mtu anaondoka akiamini Mwanza inakaribia mara mbili ya Tabora wakati ukweli imeizidi kwa asilimia 9 hivi.

Sasa mabadiliko, hapa ndo naomba tukae kidogo maana kuna mtego ambao hata watu wazoefu unawapita. Sensa za Tanzania tangu Muungano ni 1967 watu milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9 na 2022 milioni 61.7. Swali ni la mabadiliko, kila mtu anajua grafu ya mstari, unabonyeza Line, mstari unapanda, kazi imeisha. Ila angalia hiyo miaka vizuri. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, kati ya 2002 na 2012 ni 10, na chati ya Line kwa kawaida inaichukua miaka kama majina tu, inaipanga kwa nafasi sawa kama vile ni Mwanza, Tabora, Morogoro.

Matokeo yake ni haya. 1988 hadi 2002 tuliongezeka watu milioni 11.3, 2002 hadi 2012 tukaongezeka milioni 10.5. Kwa nafasi sawa kipande cha kwanza kinaonekana kimesimama zaidi, cha pili kimelala kidogo, na mtu anaandika chini yake kwamba kasi ya ongezeko ilipungua. Gawanya kwa miaka sasa: milioni 11.3 kwa 14 ni kama laki nane kwa mwaka, milioni 10.5 kwa 10 ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Yaani watu wanaoongezeka kila mwaka walikuwa wengi zaidi baada ya 2002 na chati inakuambia kinyume, na hakuna namba hata moja iliyokosewa kwenye jedwali!

Dawa ni kutumia Scatter with Straight Lines and Markers, weka safu ya miaka kushoto na ya watu kulia, hapo Excel inaisoma miaka kama namba na 1988 inakaa mbali na 2002 inavyostahili. Pia mhimili wa chini uwekee mwanzo wa 1960, usipoiambia Excel inaweza kukuanzishia mahali pa ajabu. Utajuaje chati ya mtu mwingine ina huu ugonjwa? Soma miaka iliyoandikwa chini, ukikuta mapengo hayalingani lakini nafasi zinalingana, usiuamini mteremko.

Kuna atakayesema mbona ripoti zinaonyesha kasi ilishuka, asilimia 2.9 kwa mwaka ikaja 2.7, halafu 2022 ikapanda 3.2. Ni kweli pia, na wala hazigombani, maana laki nane kati ya watu milioni 23 na milioni moja kati ya watu milioni 34 ni asilimia zinazokaribiana. Ni maswali mawili. Anayepanga madarasa na visima anataka idadi ya watu, anayetaka kujua tunakua haraka kiasi gani kulingana na ukubwa wetu anataka asilimia, basi achore hizo asilimia zenyewe kama nguzo kwa kila kipindi asimlazimishe msomaji azikisie kwenye mteremko.

Mgawanyo wa kizima sitauongelea sana. Pai inafaa vipande vikiwa viwili vitatu na vikijumlishwa vinafika mia, mfano wanawake asilimia 51 na wanaume 49, ingawa hata hiyo sentensi moja ilitosha. Mikoa 31 kwenye pai ni fujo, Dar es Salaam yenyewe ni chini ya asilimia 9 ya nchi, wengine wote ni nyuzi tu zenye rangi zinazofanana.

Mtawanyiko ndo watu wanausahau. Ukigawa watu wote kwa mikoa 31 unapata wastani wa karibu milioni 2, lakini huo wastani hauoni kwamba Kusini Unguja haifiki laki mbili na Dar inapita milioni 5. Chora histogramu, makundi ya milioni moja moja: chini ya milioni 1 iko mikoa 6, milioni 1 hadi 2 iko 9, 2 hadi 3 iko 11, 3 hadi 4 iko 4, 4 hadi 5 hakuna, halafu Dar peke yake. Kuwa makini na mipaka ya makundi, Kagera na Geita ziko milioni 2.9 na ushee, Singida na Pwani zimeivuka milioni 2 kwa kidogo tu, sogeza mpaka kidogo na umbo linabadilika, kwa hiyo jaribu upana miwili mitatu kabla hujasema chochote. Excel kwa kawaida inaanza kundi la kwanza kwenye thamani ndogo kuliko zote, unapata mipaka isiyoeleweka, fungua Format Axis weka Underflow bin 1000000 na Bin width 1000000.

La mwisho ni uhusiano, mfano mkoa wenye eneo kubwa una watu wengi? Hapo ni grafu ya nukta, kila mkoa nukta moja, eneo chini, watu pembeni, na usiziunganishe kwa mstari kwa sababu mikoa haina mpangilio wa nani anamfuata nani. Dar itakaa juu kabisa kwenye kona ya kushoto, kilomita za mraba kama 1,400 tu, Lindi itakuwa kulia chini, zaidi ya 60,000 na watu milioni 1.2. Kabla hujapitisha mstari wa mwelekeo chora na Dar, kisha bila Dar, mistari ikitofautiana sana ujue nukta moja ndo inauvuta, na ukiamua kuitoa andika chini ya chati kwamba umeitoa.