Buruji si mnara

Kila anayeeleza habari za Fort Jesus ya Mombasa husema ina "minara minne", mmoja kila pembe. Haina. Ina buruji nne. Buruji ni jukwaa nene la mizinga linalotokeza kutoka kwenye pembe ya ngome, lenye kimo kisichouzidi sana ukuta, na kwa kawaida lina ncha. Mnara ni jengo refu jembamba la kupandia juu ili uone mbali na umpige adui kutoka juu. Hiyo ndiyo tofauti kwa ufupi, lakini kwa ufupi hivyo haimsaidii mtu kuelewa ncha ile inafanya kazi gani.

Asili ya maneno nayo hainiungi mkono, nakubali. Mnara limetoka katika Kiarabu manara, mahali penye mwanga au moto, ndiyo maana linakaa sawasawa kwa msikiti na kwa taa ya kuongozea meli. Buruji ni wingi wa burj, na sisi tumeuchukua wingi tukaufanya umoja. Ndiyo buruji ya Sura ya 85, mbingu yenye buruji, na ndiyo buruji za wanajimu. Mwarabu akisema burj anaweza kumaanisha mnara tu, wa mviringo au wa mraba, hata ghorofa la kioo la Dubai. Wareno walioijenga Fort Jesus wana neno lao mahususi, baluarte. Sisi hatukulichukua, ingawa tulichukua igreja, kanisa, na wengi husema ndiyo iliyozaa gereza, neno ambalo kabla ya kuwa jela tuliliitia ngome. Kwa hiyo naitumia buruji kwa baluarte kwa kuwa ndilo neno lililo karibu zaidi. Anayetaka jingine alete. Muhimu asiite mnara.

Mnara ulikuwa na akili yake. Kabla ya mizinga, hatari ilikuwa ngazi, kamba na gogo la kubomolea mlango, na dawa yake ilikuwa kimo. Ukuta mrefu, na juu yake watu wanaoinama nje kumwaga mawe na mishale juu ya vichwa vya walio chini. Mzinga uliiharibu hesabu hiyo. Mwaka 1453 kuta za Konstantinopoli zilipigwa na mizinga ya Waturuki, na mwaka 1494 mfalme Charles wa 8 wa Ufaransa alishuka Italia na mizinga inayovutwa na farasi, inayofyatua matufe ya chuma. Ukuta mrefu mwembamba ukipigwa karibu na chini huanguka wote, na kifusi chake hujaza handaki kikawa ngazi ya adui. Waitalia wakaanza kushusha kuta, kuzinenepesha na kujaza udongo nyuma yake ili tufe lizame humo lisipasue.

Hapo likazaliwa tatizo jipya, nalo ndilo lililoleta ncha. Ukuta wa kujikinga ulio juu ya ngome nao ulilazimika kuwa mnene, mita kadhaa, la sivyo tufe lingeupita. Askari aliye nyuma ya unene huo hawezi tena kuinama akaona mguu wa ukuta wake mwenyewe. Adui akishafika chini yuko salama, na anachohitaji ni sururu na pipa la baruti. Njia pekee ya kumfikia ni kumpiga kutoka pembeni: jukwaa la jirani lifyatue sambamba na ukuta, risasi zifagie mguu wake wote. Ukuta mmoja hulindwa na mwenzake, haujilindi.

Sasa chukua jukwaa la mraba, uone kinachokosekana. Tuseme uso wake una upana wa mita 20, nalo linatokeza mita 15 mbele ya ukuta mkuu. Mzinga wa jirani umewekwa ubavuni mwa jukwaa lake, mita 5 mbele ya ukuta mkuu, na uko mita 50 kutoka kona ya karibu ya jukwaa letu. Mstari wa risasi unaoigusa kona hiyo umetoka nje mita 10 katika mwendo wa mita 50, yaani mita 1 kila mita 5. Ukipita kona na kwenda mita 10 zaidi, mpaka katikati ya uso, tayari uko mita 2 mbele ya uso huo. Mzinga wa jirani wa upande wa pili unafanya vivyo hivyo. Mbele ya uso inabaki pembetatu yenye kitako cha mita 20 na kina cha mita 2 ambayo hakuna mzinga unaoifikia. Ni kivuli, na wachimbaji wanaenea ndani yake.

Mnara wa mviringo hupunguza kivuli hicho, ila haukimalizi. Waitalia walikimaliza kwa hila rahisi: pembetatu isiyopigika ijazwe mawe, iwe sehemu ya ngome yenyewe. Nyuso mbili za ncha zinalala juu ya mistari ileile ya risasi za majirani. Ncha haikuwekwa kwa urembo wala kupasua kitu; ni umbo la kivuli kilichojengwa.

Fort Jesus ilijengwa mwaka 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milano aliyewatumikia Wareno. Nenda upande wa nchi kavu, ambako handaki limechongwa katika mwamba wa matumbawe. Buruji za upande huo ni San Felipe na San Alberto, na mbavu zao zinazotazamana zina pembe zilizoingia ndani. Usianze na ncha. Tafuta ubavu, mahali buruji inapoungana na ukuta mkuu, kisha utazame kutoka hapo kwenda ng'ambo. Unachokiona ndicho mzinga uliowekwa hapo ungekifagia. Ngome isiyo na ubavu wa namna hiyo, hata kuta zake ziwe nene vipi, ina kivuli mahali fulani.

Hesabu hii ina mpaka wake. Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kilichowamaliza waliokuwa ndani ni njaa na maradhi zaidi kuliko mizinga. Buruji huzuia sururu, haizuii tumbo.

Kosa la pili hufuata la kwanza: watu wakiona mviringo husema ni wa kale, wakiona ncha husema ni wa kisasa. Ngome Kongwe ya Unguja, yenye minara ya mviringo, ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, miaka mia moja hivi baada ya Fort Jesus. Na mnara mkuu wa Nizwa huko Oman, wa katikati ya karne ya 17, una kipenyo cha zaidi ya mita 30 na umejazwa udongo ndani. Huo umejengwa na watu wanaojua mzinga vizuri: wameuchukua unene wakaiacha ncha. Umbo linamfuata adui unayemtarajia, halifuati kalenda.

Basi, mkifika Forodhani Unguja semeni minara, mtakuwa sawa kabisa. Mkivuka kwenda Mombasa, semeni buruji.