Safu ya tamati haihifadhi tamati

Wiki iliyopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliniita kwenye kompyuta yake iliyokuwa imekwama. "Kaka, si nilikwambia? Safu ya tamati inakula memori kwa mraba." Hesabu yake ilikuwa hii: maandishi ya herufi n yana tamati n, ndefu kuliko zote ina herufi n, fupi ina 1, na jumla yake ni n(n+1)/2. Hesabu ni sahihi. Ila malalamiko haya nimeshayasikia mara nyingi mno, na kila mara anayeshtakiwa siye mwenye kosa.

Safu hii, inayotumika kutafuta kipande chochote ndani ya maandishi, haihifadhi tamati hata moja. Inahifadhi namba tu: tamati ipi inaanzia wapi. Tamati zenyewe tayari zimo ndani ya maandishi. Na tusichanganye na viambishi vya somo la sarufi. Tamati hapa ni kipande chochote kinachofika hadi mwisho wa maandishi.

Chukua neno kakakuona. Lina herufi 9, nafasi 0 hadi 8. Panga tamati zake kialfabeti:

```
8  a
1  akakuona
3  akuona
0  kakakuona
2  kakuona
4  kuona
7  na
6  ona
5  uona
```

Safu ni zile namba za kushoto, basi. Ya kulia nimeyaandika ili uyaone wewe; kompyuta haiyahitaji.

Sasa tafuta "ka". Popote "ka" ilipo ndani ya neno, hapo pana tamati inayoanza na "ka", na kwa kuwa tumeshapanga, zote zimekaa jirani: 0 na 2. Unagawa safu nusu kwa nusu kupata mpaka wa mwanzo, unarudia kupata wa mwisho, kisha idadi ni kutoa tu. Kwa herufi milioni moja, kila mpaka ni kama hatua 20. Kwa Kiswahili hili ni tamu, maana mizizi yetu imejificha katikati: ukitafuta "pend" unapata "wanapendana" na "hakupendezwa", ambayo faharasa ya maneno mazima ingeyapita.

Sasa mraba wa kijana ulitoka wapi? Hapa:

```python
sa = sorted(range(len(s)), key=lambda i: s[i:])
```

Mstari huu unazunguka kila mahali kwa sababu ni mfupi na jibu lake ni sahihi. Lakini Python ikikata `s[i:]` inanakili herufi zote hadi mwisho, na `sorted` inazishikilia nakala zote mpaka imalize kupanga. Kwa herufi milioni moja, baiti moja kila herufi, hizo ni takriban gigabaiti 500. Safu yenyewe, kwa namba za baiti 4, ni megabaiti 4. Kosa ni la mstari huu, na ukimaliza kupanga nakala zote zinatupwa!

Ukiacha kunakili na kulinganisha tamati palepale zilipo, memori inatulia, lakini unakutana na mtego mwingine. Faili yenye sehemu ndefu zilizorudiwa inakulazimisha kusoma herufi maelfu kabla ya kuona tofauti. Dalili yake: programu inakimbia kwenye hadithi, inazama kwenye faili iliyobandikwa mara mbili. Manber na Myers walionyesha mwaka 1990 namna ya kukwepa hilo: panga kwa herufi 1, halafu 2, halafu 4, ukizidisha kwa mbili kila mara. Katika kakakuona, nafasi 0 na 2 zinafungana kwa herufi 2, zote "ka". Ili kuamua kwa herufi 4 husomi tena chochote. Unatazama tu vyeo ambavyo nafasi 2 na 4 zilishapata. "ka" iko mbele ya "ku", kwa hiyo 0 inatangulia.

Zipo njia zenye muda unaokua sawia na urefu wa maandishi, tangu 2003. Mimi bado natumia maktaba ya `libdivsufsort`, ambayo kinadharia haifikii hapo lakini kwa vitendo ina kasi sana. Nakiri pia kwamba kuna kazi ambazo nimejenga safu kwa mapenzi tu, ilhali ina hasara zake. Ukiingiza herufi moja mwanzoni mwa maandishi, kila nafasi inasogea. Na kule kugawa nusu kwa nusu kunarukaruka ndani ya memori, jambo ambalo prosesa hailipendi.

Nilipomuuliza kijana anatafuta nini, alisema namba moja ya kosa, kwenye faili ya kumbukumbu za seva inayoongezeka kila dakika. Mara ngapi? Mara moja tu. Nikamwandikia `grep`.