Ununuzi umethibitishwa, nguo je?

Wiki hii ameingia mteja wa tatu akiwa na mfuko wa plastiki wa kijivu, ndani yake gauni la satini aliloagiza mtandaoni. "Fundi, niachie kidogo hapa kwenye nyonga, linanibana." Nikaligeuza. Kitambaa kilichobaki nje ya mshono hakifiki nusu sentimita, na kimeshapigwa ovaloki. Hakuna cha kuachia. Nikamuuliza kama alisoma maoni kabla ya kulipa. Akasema alisoma, na wote walioandika ni wanunuzi waliothibitishwa. Jibu hilo nimelichoka.

Dhana: Maoni yenye alama ya Verified Purchase hayawezi kuwa ya uongo.

Alama hiyo inasema jambo moja tu: kuna oda iliyolipiwa kwenye soko hilo. Haisemi pesa ilitoka mfukoni mwa nani. Muuzaji anaweza kumwambia mtu anunue gauni kwa bei kamili, aandike nyota tano, kisha amrudishie hela pembeni. Njia nyingine ni kujiagizia mwenyewe kwa akaunti za watu wengine, akatuma bahasha yenye kitu cha bei ya karanga. Mzigo umesafiri, oda imefungwa, alama imepatikana.

Kwa hiyo mimi huacha alama nikasoma mwandishi anasema nini kuhusu nguo. Aliyeivaa kweli mara nyingi hanyamazii mwili wake. Atasema ana kilo 72, aliagiza L, kifua kimekaa sawa ila mikono mifupi. Atasema imechuja kwenye maji ya kwanza, au inaonyesha ndani ukisimama juani. Wa kulipwa anaandika "nzuri sana, asante muuzaji, imefika haraka", maneno ambayo ungeweza kuyabandika kwenye sufuria.

Tukafungua simu ya mteja wangu. Gauni lina maoni 200 na wastani wa 4.6, unavutia. Lakini ukibonyeza mgawanyo wa nyota unaona 178 wametoa tano, 4 wametoa tatu, 18 wametoa moja, na katikati ni jangwa. Nguo ya kawaida huwa pia na watu wa nyota nne na tatu, kwa sababu saizi humkaa huyu vizuri na yule vibaya. Nikapanga maoni kwa tarehe: sehemu kubwa ya zile tano ziliandikwa ndani ya siku nne. (Tahadhari: ofa kubwa za Novemba nazo huleta mafuriko ya maoni ya kweli, ila hayo hutofautiana kwa maneno.) Halafu nikasoma wale 18. Kumi na mmoja wamesema kitu kilekile: agiza saizi mbili juu, nyonga zinabana. Jibu lake lilikuwepo tangu mwanzo, ukurasa wa pili, bure.

Dhana: Duka lenye alama za juu haliwezi kuuza nguo mbovu.

Alama za duka hupimwa kwa mambo kama kutuma kwa wakati na kujibu wateja. Pengine zilipatikana kwa kuuza kava za simu. Na ukikuta mtu chini ya gauni anasifu chaja, ujue muuzaji amechukua ukurasa wa bidhaa ya zamani akabadilisha picha na jina, maoni yakabaki.

Dhana: Kusipokuwa na malalamiko, kila mtu ameridhika.

Au malalamiko yamezuiwa. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana Fashion Nova, wauzaji wa nguo mtandaoni, na kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 4.2. Tume ilisema kuwa kuanzia mwishoni mwa 2015 hadi Novemba 2019 maoni ya nyota nne na tano yalipandishwa moja kwa moja, na ya chini ya nne hayakutokea kabisa. Hiyo ilikuwa tovuti yao wenyewe. Muuzaji akimiliki ukuta, yeye ndiye anayechagua kitakachobandikwa.

Dhana: Basi nisome za nyota moja tu.

Hapana. Baadhi yake ni hasira dhidi ya msafirishaji, na nyingine huandikwa na washindani. Anza na nyota tatu. Huyo hana wa kumfurahisha.

Gauni la dada yule nimelipasua ubavuni pande zote mbili, nikaingiza kipande cha sentimita tatu kila upande. Satini ya rangi ileile sikuipata, tumetumia nyeusi. Ameshaagiza jingine.