Kwa nini Wireshark haioni trafiki ya jirani

Nimeunganisha kompyuta yangu kwenye swichi ileile yenye printa, nikawasha Wireshark. Mbona sioni chochote kati ya printa na seva?

Kwa sababu fremu hizo hazifiki kwenye waya wako. Wengi hudhani tatizo ni kisanduku cha `Enable promiscuous mode on all interfaces`, kwa hiyo hukitia alama, hukitoa, hubadilisha draiva, na bado hawaoni kitu. Kisanduku hicho huiambia kadi ya mtandao isizitupe fremu zilizoandikiwa wengine. Lakini kadi haiwezi kuhifadhi kisichoifikia.

Dhana hiyo ilikuwa sahihi enzi za habu, kifaa kilichorudufu kila ishara kwenye poti zake zote. Swichi hufanya kazi kama tarishi wa ofisi aliyekwisha kujua nani anakaa chumba gani: barua ya chumba cha 5 huipeleka cha 5 tu. Hakuna anayemfundisha, maana kila anapopokea barua husoma jina la mtumaji na kukumbuka imetoka mlango upi. Jina asilolijua hulitangaza kwenye vyumba vyote, na barua ya “kwa wote” huisambaza kote. Jina lisilotumika kwa muda hulisahau. Kwenye swichi nyingi za Cisco muda huo, usipobadilishwa, ni sekunde 300.

Usahaulifu huo ndio unaowapotosha watu. Mara mojamoja fremu ya printa hufurika hadi kwenye poti yako, kisha kimya. Anayeiona huamini kwamba anakaribia kufaulu, kumbe ameona tu swichi ikitafuta anwani ya MAC iliyokwisha kuisahau.

Dawa ni kuiagiza swichi itoe nakala. Tuseme printa yenye anwani 192.168.10.40 iko poti ya 5, na kompyuta ya kunasa iko poti ya 12. Kwenye swichi ya Cisco Catalyst, ukiwa katika hali ya usanidi:

```
monitor session 1 source interface gi0/5 both
monitor session 1 destination interface gi0/12
```

Neno `both` linataka nakala za pande mbili: zinazoingia kwenye swichi kutoka kwa printa na zinazotoka kwenda kwake. Hakikisha kwa `show monitor session 1`. Swichi zinazosanidiwa kwa kivinjari huwa na menyu ya `Port Mirroring`, na baadhi yake huita poti moja `Mirroring` na nyingine `Mirrored`, kana kwamba nia ni kukukosesha. `Mirrored` ndiyo ya printa.

Poti ya 12 sasa, kwa kawaida, hutoa nakala tu na haipokei chochote kutoka kwako. Kompyuta ikipoteza mtandao kwenye waya huo, swichi haijaharibika. Ukihitaji mtandao, tumia kadi ya pili.

Katika Wireshark, weka kichujio cha kunasa `host 192.168.10.40`, kisha kutoka kompyuta ya tatu piga `ping` kwa printa. Unapaswa kuona ombi na jibu. Ukiona majibu peke yake, umenakili upande mmoja tu. Usipoona kitu kabisa, jaribu bila kichujio: fremu zikija na lebo ya VLAN, kichujio hicho huzikosa, na badala yake utaandika `vlan and host 192.168.10.40`.

Sasa nakala zenyewe zinaweza kudanganya. Printa ya megabiti 100 haiwezi kuzidi 200 kwa pande zote mbili, kwa hiyo poti ya gigabiti moja inazibeba bila shida. Seva ya gigabiti moja ni jambo jingine: pande zake mbili zikijaa, gigabiti 2 zinatafuta njia ya moja, na swichi hutupa nakala zinazozidi. Wireshark itaandika `TCP ACKed unseen segment`, yaani mpokeaji amethibitisha data ambayo wewe hukuiona. Data ilifika, nakala ndiyo iliyopotea. Ukiona ujumbe huo mwingi, usiulaumu mtandao kabla ya kutazama pakiti zilizotupwa kwenye poti ya 12.

Kuna upofu mwingine usioonyesha dalili hata hiyo. Fremu iliyoharibika njiani, kwa mfano kwa sababu ya kebo mbovu, kwa kawaida swichi huitupa mlangoni, na nakala yake haitolewi. Wireshark itaonyesha data ikitumwa tena bila kuonyesha kilichoharibika. Hapo acha Wireshark, tazama `show interfaces gi0/5`, na usome hesabu ya `CRC`. Ikiendelea kupanda wakati printa inafanya kazi, anza kwa kubadilisha kebo. Kazi ikiisha, andika `no monitor session 1`, la sivyo atakayechomeka kifaa kwenye poti ya 12 atashangaa mbona hapati mtandao.