Umbali wa "maduka ya karibu" ni umbali upi?

"Panga maduka kwa umbali, la karibu liwe juu." Sentensi hiyo huandikwa kwenye kazi za watengenezaji wa programu kana kwamba kila mtu anajua ni umbali gani unaosemwa. Kwa kawaida kinachopatikana ni urefu wa mstari ulionyooka kati ya nukta mbili: pale simu inapodhani mtu yupo, na pale duka lilipoandikwa kwenye kanzidata. Maana yake ni hiyo tu. Mstari huo haujui barabara, ukuta wa kiwanda wala bahari.

Cha ajabu, ubishi mwingi huishia kwenye fomula. Mmoja anasema lazima utumie `haversine`, inayoichukulia dunia kama tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Mwingine anasema Pithagorasi inatosha. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na hapo nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zote zina urefu wa kama kilomita 110.5. Ndani ya jiji, fomula zote mbili zitakupa jibu lile lile kwa mahitaji ya mnunuzi. Kule Oslo mambo ni mengine, maana nyuzi ya longitudo imesinyaa hadi karibu nusu yake. Tumieni `haversine` basi, yaishe. Kosa linalomchosha mteja haliko hapo.

Liko Kivukoni. Chukua mtu aliyesimama karibu na kituo cha pantoni, upande wa mjini, akitafuta duka la dawa. Tuseme duka la kwanza liko Kigamboni, ng'ambo tu ya lango la bandari, mita 700 kwa mstari. La pili liko Kariakoo, kilomita 2.5. Programu itaweka la Kigamboni juu kabisa, na kwa kipimo chake haijasema uongo. Lakini mwenye gari atapanga foleni ya pantoni, au azunguke Kurasini apite Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, kisha arudi tena hadi upande wa Ferry Kigamboni. Mzunguko huo unazidi kilomita kumi. Wakati huo aliyekwenda Kariakoo angekuwa ameshanunua dawa na kurudi. Watu wa Likoni, Mombasa, wanalijua tatizo hili bila kuelezwa.

Basi tubadili, tutumie umbali wa barabara? Ndiyo, ila si kwa kuiuliza seva ya njia habari za maduka yote, tuseme 400, kwani ni ghali na ni polepole. Hapa ndipo mstari ulionyooka unapopata kazi yake halali: barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari. Panga kwanza kwa mstari, kisha uliza njia kwa machache ya juu. Ukikuta duka la Kariakoo liko kilomita 3.3 kwa barabara, duka lolote lililo zaidi ya kilomita 3.3 kwa mstari haliwezi kulishinda. Huna haja ya kuliuliza. Mstari ni wa kuchuja, barabara ni ya kupanga.

Kuna mtego mwingine hapo, na huu huwanasa hata wazoefu. Injini za njia kama OSRM huhesabu kivuko kama sehemu ya barabara. Kwa hiyo safari ya Kivukoni hadi Kigamboni inaweza kurudi ikiwa bado fupi kwa kilomita, kwa sababu pantoni imehesabiwa. Kinachoonyesha tofauti ni dakika. Pangeni kwa dakika, si kwa kilomita, na mkumbuke kwamba dakika hizo ni za kuvuka. Foleni ya kusubiri pantoni inayofuata haimo. Na ukiona majibu yote yamegoma au umbali unasoma maelfu ya kilomita, angalia mpangilio wa namba kabla ya kulaumu seva. OSRM hutaka longitudo kwanza, latitudo baadaye. Zikigeuzwa, mteja wako wa Kivukoni anahamia Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Hadi hapa tumeichukulia nukta ya kwanza, pale mtu alipo, kama kitu cha uhakika. Sivyo. Watu husema "mtumiaji ameruhusu lokesheni" au "amekataa", kama swichi ya taa. Tangu Android 12 na iOS 14 kuna jibu la katikati: mtu anaweza kuruhusu na bado akakupa mahali pa kukadiria tu. Kwenye Android atachagua `Approximate` badala ya `Precise`, na makadirio hayo ni ya eneo la kama kilomita za mraba 3. Duara la ukubwa huo lina nusu kipenyo cha karibu kilomita moja. Rudi Kivukoni sasa: kilomita moja inatosha kumvusha mtu bahari bila nauli. Programu itampangia maduka kana kwamba yuko Kigamboni, na itamwandikia "mita 240" kwa kujiamini kabisa.

Kwa hiyo jibu la ruhusa halitoshi. Soma na usahihi unaokuja na mahali penyewe. Kwenye Android thamani ya `accuracy` ni nusu kipenyo kwa mita, na hata hiyo ni ya uwezekano wa asilimia 68, si kiapo.

```kotlin
val yaKukadiria = mahali.accuracy > 500f
lebo.text = if (yaKukadiria) "Eneo lako la kukadiria" else "Dakika $dakika"
```

Hiyo 500 nimeichagua kwa mji wenye maduka yaliyobanana. Kijijini unaweza kuilegeza. Kanuni ni kwamba usahihi ukiwa mbovu kuliko tofauti kati ya duka la kwanza na la pili, mpangilio wenu ni bahati nasibu. Onyesheni ramani, mwacheni mtu asogeze pini mwenyewe au achague mtaa. Njia hiyo hiyo inamfaa aliyekataa kabisa. Tangu Android 11, akigusa kukataa zaidi ya mara moja, mfumo hautamwonyesha tena ombi lenu, na kitufe cha "Ruhusu" mlichoweka kitabonyezwa bila kitu kutokea. Mpelekeni kwenye mipangilio ya simu akitaka, na orodha iendelee kufanya kazi asipotaka.

Ombi lenyewe mliombe pale mtu anapogusa "Maduka ya karibu", si programu inapofunguka, na muombe `ACCESS_COARSE_LOCATION` na `ACCESS_FINE_LOCATION` kwa pamoja. Ukiomba ya pili peke yake, baadhi ya matoleo ya Android 12 hulipuuza ombi zima.

Ndugu zangu wa vikao vya bidhaa, nawaomba jambo dogo. Mkiandika "panga kwa umbali", ongezeni neno: wa mstari, wa barabara, au wa dakika. Na kama ni wa mstari kwa sababu bajeti ya seva hairuhusu mwingine, basi chini ya jina la duka andikeni "kama 700 m kwa mstari", ili wa Kivukoni ajue mwenyewe kwamba kuna maji katikati.